Mwezi wa tatu wa hamali: misuli imekubali, kano bado

Alfajiri ya siku ya kwanza walimpa gunia la kilo 50. Lori lilikuwa limeegeshwa juu, barabarani, na ghala la soko lilikuwa chini: hatua sitini za kutembea, kisha ngazi tisa za kushuka. Wawili walimtwika, na mzee wa kundi akamwambia, "Usitazame miguu yako, mdogo wangu. Tazama unakokwenda." Alifika. Gunia la pili alifika nalo pia. Kwenye la kumi na mbili, akiwa ngazi ya nne, mapaja yalianza kumtetemeka, ikabidi aegemee ukuta kwa kiwiko mpaka mtetemo ukaisha. Jioni alikuwa amebeba magunia 20, tani moja kamili, na alipokaa kitako hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono. Wenzake wakamwita Mgeni, na jina likamkaa.

Wiki ya kumi na mbili Mgeni huyo huyo alikuwa akishuka ngazi zile zile na gunia la kilo 70, mara 40 kwa siku, bila kutetemeka. Na hiyo ndiyo wiki aliyoumia goti.

Kisa chenyewe nimekitunga, lakini yanayompata mwilini ni yale yale yanayompata yeyote anayeanza kazi ya kubeba mizigo. Nimekitunga kwa sababu swali lake hunisumbua kila nikiona kijana mwenye nguvu amekaa pembeni ya soko akikanda goti: kwa nini aliumia alipokuwa na nguvu, wala si siku ile ya kwanza alipokuwa hajui lolote? Jibu ni kwamba mwili haujengeki wote kwa kasi moja. Ubongo hujifunza kwa siku, msuli hunenepa kwa wiki, kano na mfupa huimarika kwa miezi, na neva ya begani haizoei kubanwa hata upite mwaka.

Tuanze na maumivu ya mwanzo, maana ndiyo yanayowatisha wengi bila sababu. Siku ya pili Mgeni aliamka amekakamaa kidogo tu. Siku ya tatu ndiyo iliyomtesa: kushuka ngazi hata mikono mitupu kulimfanya aume meno. Watu husema ni asidi iliyojaa ndani ya misuli. Sivyo. Asidi inayosemwa huondoka kwenye misuli saa moja au mbili baada ya mtu kupumzika, ilhali maumivu haya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Chanzo chake ni kazi ya breki. Ukipanda ngazi, msuli wa mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, msuli huo huo hufanya kazi huku unarefushwa, ukikuzuia usiporomoke, na kazi ya namna hiyo huacha michubuko midogo midogo katika nyuzi zake. Mwili huijibu kwa kuvimbisha sehemu hiyo na kuikarabati.

Jambo zuri ni kwamba dozi moja ya maumivu hayo hukinga. Msuli uliopitia ushukaji wa ngazi mara moja hauumi vile tena ukirudia baada ya wiki moja au mbili, hata kama haujaongezeka nguvu. Ndiyo maana wiki ya pili ya Mgeni ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Dalili moja tu katika kipindi hiki si ya kusubiriwa ipite: misuli kuvimba na kuwa migumu, pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea. Hapo msuli umeharibika kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu, figo ziko hatarini, na mtu anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kufikia wiki ya tatu alikuwa anabeba magunia 25 kwa siku na mtetemo umekwisha. Lakini kama mtu angempima paja kwa uzi siku ya kwanza, akafunga fundo, kisha akampima tena wiki hiyo, fundo lingeangukia karibu pale pale. Nguvu imeongezeka, nyama haijaongezeka. Imetoka wapi?

Imetoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Msuli umegawanyika katika vikosi vya nyuzi, kila kikosi kikiongozwa na neva yake, na mtu asiyezoea mzigo hawezi kuviita vikosi vyote kazini kwa wakati mmoja, wala kuvipigia amri kwa kasi ya kutosha. Tena, kwa hofu ya kuanguka, hukaza misuli ya nyuma ya paja wakati ile ya mbele inafanya kazi, ikawa miguu inavutana yenyewe kwa yenyewe. Mtetemo wa ngazi ya nne ulitokana na uchovu uliochanganyika na mvutano huo. Baada ya wiki chache amri huwa kali zaidi na mvutano hupungua. Na mwendo hubadilika bila mtu kufundishwa: hatua zinakuwa fupi, nyayo zote mbili zinakaa chini kwa muda mrefu kidogo kabla mguu mmoja kuinuka, tumbo linakazwa pumzi ikiwa nusu, gunia halipandi na kushuka tena begani kila hatua. Ukimtazama hamali mzoefu kwa upande, kichwa chake hukata mstari ulionyooka hewani.

Ufundi huu unaweza kufika mbali sana. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kijaluo waliozoea kubeba mizigo tangu wadogo, Wajaluo juu ya kichwa, Wakikuyu mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Walipobeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao, matumizi yao ya nguvu hayakuzidi yale ya kutembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, gharama ilianza kupanda. Mgeni hajafika huko, na gunia lake linakaribia uzito wake mwenyewe. Lakini faida yake ya wiki za kwanza ni ya aina hiyo: amejifunza kubeba.

Nyama yenyewe huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya nane. Kila kazi nzito huamsha ujenzi wa protini ndani ya msuli kwa muda wa siku moja hadi mbili, na ikiwa mtu anakula vya kutosha na kulala, ujenzi hushinda ubomoaji. Idadi ya nyuzi haiongezeki kwa kiasi cha maana. Kila uzi hunenepa. Mapaja na makalio ya Mgeni yalijaa, mashavu ya miguu yakakaza, na msuli ule unaotoka shingoni kwenda begani ukainuka kama mto mdogo. Suruali ilimbana mapajani. Akawa anaomba mwenyewe aongezewe.

Wiki ya tisa alikuwa akibeba kilo 50 mara 25, jumla kilo 1,250 kwa siku. Wiki ya kumi na mbili, kilo 70 mara 40, jumla kilo 2,800. Mzigo wa siku ulizidi maradufu ndani ya wiki tatu, na misuli haikulalamika hata kidogo. Kilicholalamika ni kamba fupi iliyo chini ya kilegesambwa.

Kamba hiyo ni kano, nayo ndiyo inayounganisha msuli wa mbele ya paja na mfupa wa muundi. Kila breki ya kushuka ngazi hupitia hapo. Msuli ni nyama iliyojaa damu: ukiukata huvuja mara moja, na ukiuumiza huhudumiwa haraka. Kano ni nyeupe, imesukwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ina damu kidogo na seli chache, kwa hiyo kila kitu ndani yake huenda polepole. Baada ya siku ya kazi nzito, kano hubomoa kolajeni kuliko inavyojenga kwa takriban siku moja hadi moja na nusu. Ujenzi hushinda baada ya hapo, na unaweza kuendelea hadi siku ya tatu. Mtu anayeitwisha kano mzigo mkubwa kuliko wa jana kila alfajiri, siku sita mfululizo, anaikuta kila mara ikiwa bado iko upande wa hasara.

Upole huu una kina ambacho kilinishangaza nilipokisoma mara ya kwanza. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, kati ya 1955 na 1963, yalijaza hewa kaboni-14, aina adimu ya kaboni yenye mnururisho, kupita kiasi cha kawaida, na kila aliyekuwa akikua wakati huo aliingiza kaboni hiyo mwilini. Watafiti wa Denmaki walipima kano za kisigino za watu wa umri mbalimbali, wakachapisha matokeo mwaka 2013: katikati ya kano, kaboni ilikuwa bado ile ya miaka ya ujana wao. Maana yake ni kwamba kiini cha kano hujengwa mpaka mtu anapoacha kurefuka, kisha karibu hakibadilishwi tena. Misuli ya watu hao hao ilikuwa imejifanya upya.

Je, kano ya mtu mzima haizoei basi? Inazoea, ila kwa njia finyu. Inakuwa ngumu zaidi kuvutika, na ikipewa muda mrefu huongezeka unene kidogo. Mabadiliko hayo huchukua takriban wiki 12 za mzigo mzito wa kila mara, na huendelea baada ya hapo. Wiki ya kumi na mbili, kwa hiyo, msuli wa Mgeni ulikuwa umeshafika na kano ndiyo kwanza inaanza kufika. Na kadiri msuli unavyonenepa ndivyo unavyoivuta kano kwa nguvu zaidi. Nguvu mpya ya paja lake ndiyo iliyokuwa ikiipasua kano yake.

Alijuaje? Kwanza hakujua. Asubuhi moja alihisi kidonda cha ndani, pale unapoweza kugusa kwa kidole kimoja, chini kabisa ya kilegesambwa. Baada ya magunia matano, maumivu yakapotea, naye akafurahi na kuongeza kasi. Kesho yake yakarudi makali zaidi, yakachelewa kupotea. Siku ya nne hayakupotea. Huo ndio mwenendo wa kano iliyozidiwa: inauma ikiwa baridi, inatulia ikipata joto, inadai deni asubuhi inayofuata. Ndiyo maana hamali anayepima goti lake wakati wa kazi hudanganywa kila siku. Kipimo cha kweli ni cha asubuhi. Shuka ngazi kadhaa bila mzigo mara tu unapoamka. Kama maumivu ni yale yale ya jana au yamepungua, mzigo wa jana ulivumilika. Kama yameongezeka, ulizidi.

Mgeni alitaka kuacha kabisa kwa mwezi. Mzee akamkatalia.

"Ukilala mwezi, goti litakaa kimya. Ukirudi litalia siku hiyo hiyo."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Rudi kwenye hamsini. Mara ishirini. Siku moja ubebe, siku moja usukume mkokoteni."

Mzee hakusomea hayo, lakini alikuwa sahihi. Kano iliyopumzishwa kabisa haipokei ishara yoyote ya kujijenga, nayo hulegea pamoja na msuli wake. Kinachoiponya ni mzigo inaoumudu, mzito kiasi, wa mwendo wa polepole, na wenye siku ya nafasi katikati. Jioni Mgeni aliegemeza mgongo ukutani, akajishusha kama mtu aliyekalia kiti kisichoonekana, akabaki hivyo sekunde 45, akapumzika dakika moja au mbili, akarudia mara tano. Paja linakazwa bila goti kusogea. Mara nyingi maumivu ya kano hii hutulia kwa muda baada ya zoezi hilo, na kano inapata kazi yake bila kurushwarushwa. Ilimchukua wiki saba kabla ngazi za asubuhi hazijamuuma. Baada ya hapo aliongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama uzito, ama idadi ya safari, na si zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Sehemu hiyo ya kumi si sheria ya maumbile, ni kiasi ambacho asubuhi inakubali kwa watu wengi. Asubuhi ikikataa, inakuwa kidogo zaidi.

Mfupa una hadithi inayofanana, ila kosa lake ni zito zaidi. Mfupa unaolemewa hujirekebisha kwa kubomoa kwanza. Seli maalumu huchimba mashimo madogo kwa wiki mbili au tatu, kisha seli nyingine huyajaza kwa miezi mitatu hivi. Katikati ya kazi hiyo mfupa huwa na mashimo mengi kuliko kabla mtu hajaanza kubeba. Jeshi liliona hili mapema: mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prusia, Breithaupt, alieleza miguu iliyovimba ya askari wa gwaride, na baadaye eksirei zikaonyesha kwamba nyayo za namna hiyo zilikuwa na nyufa mifupani. Tofauti na kano, ufa wa mfupa hautulii ukipata joto. Unauma zaidi kadiri unavyotembea, unaweza kuuma hata usiku umelala, na ukibonyeza muundi unakuta kituo kimoja, upana wa kidole gumba, kinachokufanya uruke. Huo haubebewi hata gunia moja. Unahitaji kupumzishwa na kuonwa na daktari, kwa sababu ukiendelea unaweza kukatika kabisa.

Sasa bega, ambalo hamali hulizungumzia kuliko goti. Wiki ya kwanza ngozi ya Mgeni, juu ya mtulinga na nyuma yake, ilitoka malengelenge, kwa sababu gunia lilikuwa likiteleza. Malengelenge hutokana na msuguano wa ghafla: tabaka la juu la ngozi huachana na la chini, maji yakajaa katikati. Msuguano ukiwa mdogo na wa kila siku, ngozi hujibu kwa kuongeza tabaka lake la juu, na ndiyo sugu. Mwezi wa pili bega lake la kulia lilikuwa na ngozi nene, kavu, yenye weusi uliokolea, na juu yake alizoea kuweka kitambaa kilichokunjwa mara nne. Ngozi ilizoea. Msuli chini yake ukaota mto. Yote yalikwenda vizuri.

Isipokuwa neva. Chini ya mtulinga na kando ya shingo hupita fungu la neva ziendazo mkononi, na gunia linalokaa karibu mno na shingo huzibana. Neva haioti sugu. Ikibanwa hukosa damu, ikiendelea kubanwa ganda lake huharibika. Siku moja Mgeni alitua gunia, akataka kushika kopo la maji, vidole viwili vya mwisho havikumtii. Mzee alimvua shati, akamwambia asukume ukuta kwa viganja vyote viwili, akasimama nyuma yake kutazama kama mfupa wa bega unachomoza kama bawa. Haukuchomoza. Ungechomoza, ingekuwa dalili kwamba neva ya msuli unaoushika mfupa huo mbavuni imeumia, na kupona kwake huchukua miezi.

"Bega likiuma, ni kazi," mzee alimwambia. "Mkono ukifa ganzi, mzigo umekaa pabaya."

Akamsogezea kitambaa nje kidogo, mbali na shingo, akamwamuru abadilishe bega kila baada ya gunia. Bega la kushoto halikuwa na sugu wala ufundi. Likaanza upya, kilo 30 kwanza. Ganzi iliisha siku ile ile. Ingedumu zaidi ya siku mbili tatu, au ingekuja na udhaifu wa kuinua mkono, hilo lingekuwa la hospitali wala si la kitambaa.

Nisisahau mgongo, ingawa nitaupitia haraka. Diski zilizo kati ya pingili hunywa maji usiku, na asubuhi zimejaa kiasi kwamba mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Diski iliyojaa huminywa zaidi mtu anapoinama, na kazi ya soko huanza alfajiri. Saa ya kwanza, basi, si saa ya kuinama kunyanyua gunia kutoka chini. Ni saa ya kutwikwa na wenzako ukiwa umesimama wima. Mazoea hayawezi kulifuta hilo, kama yasivyofuta uzito wenyewe. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja, unapozidi kilo 55, upunguzwe haraka hadi kiwango hicho. Gunia la kilo 70 lilikuwa nje ya mpaka tangu mwanzo, hata kwa mapaja yaliyolimudu. Mimi ningeligawa, au ningelitia kwenye mkokoteni.

Mwezi wa tisa Mgeni alikuwa na kilo 50, mara 40, mabega mawili, na asubuhi zisizo na maumivu. Kisha msiba ukamwita nyumbani kwa wiki tano. Aliporudi aliogopa miguu, na miguu haikumwangusha: nguvu hukaa vizuri wiki tatu au nne bila kazi, na ufundi wa kushuka ngazi haukuwa umepotea hata kidogo. Kilichopotea ni kile alichokidharau. Ngozi ya juu hujibadilisha yote kwa takriban mwezi mmoja, na sugu ikiwa haisuguliwi hubanduka. Mzee alimpapasa bega la kulia, kisha la kushoto, akakuta ngozi laini ya mtu wa ofisini. Akaongeza tabaka mbili kwenye kitambaa.

"Leo kumi," akasema. "Kesho utaniambia goti limeamkaje."